Cresc. inapoanza, sauti bado ni ndogo

*Shikamoo mwalimu. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Moshi. Tumezoea kujifunza kwa kusikiliza na kwa solfa, lakini mwalimu mpya ametupa nakala ya wimbo wa Pasaka yenye maneno ya Kitaliano. Juu kabisa kuna Allegro moderato na namba 112. Tunaanza na p, kipimo cha 5 kuna cresc. poco a poco, cha 9 kuna f, cha 15 rit. halafu a tempo. Kuanzia cha 5 hadi cha 8 tunaimba "aleluya" mara nne, kila silabi pigo moja. Kila tukifika hapo anatusimamisha, anasema tunakimbia na tunapiga kelele. Mimi naona tunafuata maandishi, yaani tunaongeza. Tunakosea wapi?*

Marahaba dada. Kuongeza mnaongeza, ila mnaanza mapema mno, na mnaongeza vitu viwili mahali mlipoambiwa kimoja. Neno cresc. linahusu nguvu ya sauti peke yake. Halisemi lolote kuhusu mwendo. Tena mahali lilipoandikwa ni mahali pa kuanzia kupanda, si mahali pa kuwa juu. Mkifika kipimo cha 5, sauti mnayotakiwa kuwa nayo mdomoni bado ni ile p mliyoanza nayo kipimo cha kwanza.

Chukua nakala yako uitazame vizuri, kwa sababu ukurasa wenyewe umekwisha kuyatenganisha mambo haya kabla hujajua hata neno moja la Kitaliano. Maneno ya mwendo, kama Allegro moderato, huchapwa kwa herufi nene zilizosimama wima, juu kabisa ya mistari yote, kwa kuwa yanahusu kila mtu, kuanzia sauti ya kwanza hadi mpiga kinanda. Alama za nguvu, yaani p ya sauti ndogo, f ya sauti kubwa na wenzake, huchapwa kwa herufi za mlazo karibu na mstari wa sauti inayohusika. Kwa waimbaji huwekwa juu ya mstari wao, maana chini pana maneno ya wimbo. Kwa hiyo wewe wa sauti ya pili tafuta alama zako juu ya mstari wako, usitazame za sauti ya kwanza. Mtunzi anaweza kuwapa wao f na ninyi mf, iliyo hatua moja chini yake, na hakukosea. Nakala za solfa zilizochapwa kwa kompyuta kisha kutolewa fotokopi mara nyingi huwa na alama juu ya sauti ya kwanza tu. Hapo zichukulie kuwa ni za sauti zote nne, isipokuwa mwalimu aseme vingine. Na kama fotokopi imefifia, kanakilini alama kwa penseli kutoka nakala ya mwalimu kabla ya zoezi. P moja iliyofutika inaweza kuharibu ukurasa mzima.

Sasa Allegro moderato. Allegro ni mwendo mchangamfu, wa haraka, na moderato inaushika mkono usizidi. Mashine za kuhesabia mapigo, metronomu, huweka allegro moderato takriban mapigo 112 hadi 124 kwa dakika, na allegro yenyewe kuanzia 120 na kuendelea. Mipaka hiyo haifanani kila mahali, ndiyo maana watunzi walianza kuandika namba baada ya Mälzel kusajili metronomu yake mwaka 1815. Kwako wewe namba ipo, basi namba ndiyo inayotawala: 112, yaani mapigo 28 kwa kila sekunde 15. Huhitaji mashine kulihakikisha hilo. Washa saa ya simu, piga makofi polepole huku ukiimba moyoni, hesabu. Ukipata 28 uko sawa. Ukipata 32 umeshafika 128, na huo si mwendo ulioandikwa. Angalia pia ni nota gani imechorwa kando ya namba. Kwenye wimbo wenu ni nota ya pigo moja. Katika nyimbo za mapigo sita ya haraka, namba huweza kuhesabu kundi la matatu, na kwaya isiyotazama hilo huimba mara tatu polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Tuje kwenye p. Waimbaji wengi wanaifahamu kama sauti ya kunong'ona, na hapo ndipo matatizo ya cresc. yanapoanzia, kwa sababu sauti ya kunong'ona haina pumzi nyuma yake na haiwezi kukua. Inachoweza ni kuruka tu. P ya kwaya ni sauti kamili, yenye pumzi ileile ya chini tumboni, ila imepewa kiasi kidogo. Ipime hivi: ukiimba p, unapaswa kumsikia wazi jirani yako wa kulia na wa kushoto, na sauti yako mwenyewe isizizidi zao. Konsonanti hazipungui. Tena katika p ndipo zinapotakiwa kukazwa zaidi, la sivyo mtu wa benchi la nyuma atasikia "wana aeuuka" badala ya "Bwana amefufuka."

Kisha ngazi yenyewe. Kutoka chini kwenda juu alama zinazoonekana mara nyingi ni pp, p, mp, mf, f, ff. Hakuna hata moja yenye kipimo cha kudumu. Zinapimana zenyewe kwa zenyewe. F ya kwaya ya watu kumi na wawili kwenye kanisa dogo la mtaa si f ya kwaya ya watu sitini kanisa kuu. Kinachotakiwa ni msikilizaji aweze kutambua kwamba mp imepita p, na f imepita mf. Kutoka p hadi f mna hatua tatu za kupanda: p kwenda mp, mp kwenda mf, mf kwenda f. Na mmepewa vipimo vinne, mapigo 16, kuzipanda. Ndiyo maana ikaandikwa poco a poco, kidogokidogo. Neno hilo limewekwa kwa makusudi kuwazuia kufanya hicho hasa mnachofanya.

Chukua penseli uandike hivi juu ya mstari wako. Aleluya ya kwanza, kipimo cha 5: p. Ndiyo, p bado, labda pigo la nne ndilo lianze kujisikia limeongezeka kidogo. Aleluya ya pili: mp. Ya tatu: mf. Ya nne inaanza mf na kuendelea kukua, ili f iwe kipimo cha 9 kwenye pigo la kwanza, si mapema. Kwaya inayosikia neno cresc. na kuongeza palepale hufika f kwenye aleluya ya pili. Zikibaki aleluya mbili nzima na ngazi imekwisha, mtu anapanda wapi? Anapanda kwenye koo. Hicho ndicho mwalimu wenu anachokiita kelele. Ukitaka kujua kama mmeangukia humo, mwambieni mtu mmoja asimame nyuma ya kanisa akiwa amefumba macho na ainue mkono pale anaposikia mmefika f. Kama mkono unainuka kabla ya kipimo cha 8 kuisha, rudini mwanzo.

Zoezi linalosaidia kuliko yote ni kuimba ngazi hiyo kinyumenyume: anzeni aleluya ya kwanza kwa f, mshuke hadi p kwenye ya nne, kwa vipimo vilevile. Mtagundua kwamba kushuka taratibu ni kugumu kuliko kupanda, na misuli inayowashikilia mkishuka ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kuwazuia mnapopanda. Fanyeni hivyo mara mbili tatu, kisha mrudi kwenye maandishi. Kwa kawaida p ya kipimo cha 5 inakuwa imejirekebisha yenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya muziki vya Ulaya havitawaambia, kwa kuwa linatokana na Kiswahili chetu. Mkazo wa neno letu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-le-LU-ya, a-me-fu-FU-ka. Cresc. ikifuatwa kwa upofu, kila pigo linazidi lililotangulia, na matokeo yake "ya" inakuwa silabi kubwa kuliko zote. Kwaya inaimba "aleluYA, aleluYA," kama watu wanaosukuma gari lililokwama kwenye tope. Dawa yake: fikirieni ukuaji kwa LU za vipimo vinne. LU ya pili iizidi ya kwanza, ya tatu iizidi ya pili, na "ya" kila mara irudi nyuma kidogo bila kufika chini ya pale neno lilipoanzia. Msikilizaji atasikia mlima mmoja mrefu, na neno litabaki neno.

Wewe wa sauti ya pili una mtihani wako wa peke yako. Katika sehemu kama hii mara nyingi sauti ya kwanza ndiyo inayopanda nota, na sauti ya pili inashikilia nota moja, tuseme so, au inasogea hatua moja tu. Sauti ya kwanza ikipanda juu, inasikika zaidi yenyewe hata bila kuongeza juhudi. Ninyi mkibaki palepale hamna msaada huo. Nguvu yote lazima itoke kwenye pumzi. Na pumzi ikisukumwa zaidi kwenye nota isiyosogea, nota yenyewe huelekea kupanda. So inakuwa so na ziada, na mpiga kinanda anaanza kukunja uso. Kwenye dim., yaani pale sauti inapopungua, hutokea kinyume: pumzi inaachiwa pamoja na nguvu, na nota inashuka. Njia ya kujipima ni rahisi. Sauti ya pili peke yake iimbe kipimo cha 5 hadi cha 8, mpiga kinanda akae kimya, halafu kwenye "ya" ya mwisho abonyeze so. Kama mmepanda, msipunguze nguvu. Legezeni taya, fungueni vokali zaidi, hasa ile "u" ambayo watu huibana midomoni, na shusheni mabega. Nafasi kubwa zaidi mdomoni huongeza mlio bila kuongeza msukumo kooni.

Suala la pumzi lenyewe linahitaji mpango. Mapigo 16 kwa mwendo wa 112 ni kama sekunde nane na nusu. Kwa sauti ndogo pumzi moja inatosha kabisa, lakini ninyi mnamalizia kwa sauti kubwa, na mwisho ndipo pumzi inapohitajika zaidi. Wote mkivuta pumzi kati ya kipimo cha 8 na cha 9, pana shimo mbele ya f, na mlima wote unabomoka. Pumueni kwa zamu: mstari wa mbele baada ya aleluya ya pili, mstari wa nyuma baada ya ya tatu. Anayepumua aiachie "ya" kimyakimya, avute pumzi, arudi akiwa chini kidogo ya jirani zake kisha awafikie. Wengi hukosea hapa. Wanarudi kwa kishindo, na f inachomoza katikati ya aleluya ya tatu kutoka kwa mtu mmoja tu.

Sasa hiyo mbio. Mwili ukiongeza nguvu hukaza misuli, moyo huenda kasi, pumzi huwa fupi, na mapigo hufupika bila mtu kuamua. Kwa hiyo cresc. hukimbiza hata kwaya zenye uzoefu, na dim. huzifanya zizubae. Kubishana kama mlikimbia au hamkukimbia hakuna haja, saa ya simu ipo. Kutoka pigo la kwanza la wimbo hadi pigo la kwanza la kipimo cha 9 ni mapigo 32, na kwa mwendo wa 112 yanachukua sekunde 17. Bonyeza mnapoanza, bonyeza f inapoingia. Ukipata 15, mmeimba kwa wastani wa mapigo 128. Na kwa kuwa vipimo vinne vya kwanza bila shaka mlivitunza, basi mwishoni mlikuwa mkienda kasi kupita hata hapo.

Njia ya kuliondoa ni kuyatenganisha mambo mawili mpaka mwili uzoee. Kwanza semeni aleluya nne kwa mdundo, bila nota, huku sauti ikikua, na watu wawili wapige makofi ya 112 wakitazama metronomu ya simu. Wapiga makofi wasiifuate kwaya, kwaya ndiyo iwafuate. Pili imbeni kwa nota lakini kwa p tupu hadi kipimo cha 9, bila kukua. Tatu unganisheni. Kama bado mnakimbia, shukeni hadi 96 na mpande taratibu siku ya zoezi linalofuata. Mwalimu naye ana sehemu yake hapa. Mkono wa kuongoza ukikua kwa mduara mkubwa na wa haraka, kwaya itasoma haraka. Ishara ya kukua inaweza kutolewa na mkono wa kushoto unaopanda polepole, wa kulia ukibaki na ukubwa uleule wa kupiga mapigo.

F ya kipimo cha 9 ni nguvu iliyojaa, na juu yake bado kuna ff. Mtunzi hakuiandika ff, kwa hiyo pawepo akiba. Kipimo chake: ukiimba f, uweze bado kusikia kinanda na walau sauti moja isiyo yako. Ukisikia kichwa chako tu, umepita. Na ikishaandikwa f, inaendelea hadi alama nyingine iibadilishe. Si lazima iandikwe upya kila mstari. Kosa la kawaida ni kwaya kuimba f vipimo viwili kisha kuteleza yenyewe hadi mf kwa uchovu wa mlima uliopita. Ukichoka kipimo cha 11, ujue uliitumia pumzi vibaya kipimo cha 6.

Rit. ya kipimo cha 15 ni ya familia ile nyingine, ya mwendo. Inasema mpunguze kasi hatua kwa hatua, na haisemi mpunguze sauti. Kama alama ya mwisho mliyopewa ni f, basi mnapungua mwendo mkiwa f. Kwaya zetu zina tabia ya kulegeza vyote viwili kwa pamoja kwa sababu mwisho wa nyimbo nyingi huimbwa hivyo, lakini hapa wimbo haujaisha. Pigo la kwanza la rit. karibu halibadiliki, la pili linarefuka kidogo, na pigo la mwisho kabla ya a tempo ndilo refu kuliko yote. Vipimo viwili, cha 15 na cha 16, kwa mwendo wa kawaida vingechukua sekunde nne na ziada. Kwa rit. ya kiasi vinaweza kufika tano na nusu au sita. Hapo mtu hawezi kuhesabu mwenyewe, ni lazima atazame mkono, kwa hiyo maneno ya vipimo hivyo viwili yakariri kabisa ili macho yaachane na karatasi.

A tempo, yaani kurudi kwenye mwendo wa awali, haina hatua kwa hatua. Ni 112 palepale, pigo la kwanza. Karibu kila kwaya hurudi kwa 100 hivi kisha hujivuta hadi kwenye mwendo baada ya vipimo vitatu, huku kinanda kikiwa mbele yao. Jifunze kulisikia pigo la 112 moyoni wakati pigo la mwisho la rit. bado linashikiliwa. Njia nzuri ni kukumbuka aleluya ya kipimo cha 5 kichwani, kwa kuwa mwendo wake mmeshaufanyia kazi kwa makofi.

Mkiendelea na nyimbo nyingine, nashauri mjifunze kwanza vile vineno vidogo kuliko kukariri orodha ndefu ya maneno makubwa. Molto ni sana. Subito ni ghafla: subito p baada ya f ina maana pigo moja kubwa na linalofuata dogo, bila mteremko. Sempre ni kuendelea vilevile, na huwekwa mahali ambapo mtunzi alijua mtashawishika kubadilisha. Non troppo ni isizidi. Meno mosso huchanganywa na rit., lakini yenyewe ni mwendo mpya wa polepole zaidi unaoanza mara moja. Na mahali pa neno cresc. mtakuta pengine ile alama ya mistari miwili inayoanzia nchani na kupanuka. Maana ni moja, ila alama inawaonyesha kwa jicho inaanzia silabi ipi na inaishia ipi, kwa hiyo ifuateni kwa silabi.

Mambo mawili ya siku yenyewe. Kama mnafanya mazoezi kwenye ukumbi mdogo kisha mnaimba kwenye kanisa kubwa lenye kuta ngumu, mwangwi utazifanya aleluya zipandane. Mwalimu anaweza kushuka hadi 108 au 104 ili zisikike, na hapo mfuateni yeye, si namba. Na Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati ambao huku kwetu mvua ya masika inaweza kupiga bati ikameza p yote. Ikitokea, anzeni na mp, mpande hatua mbili badala ya tatu. Msiipandishe f kuifidia.

La pili ni maikrofoni. Mtu wa mitambo akisikia kwaya imeimba p, mkono wake huenda kwenye kitufe na kupandisha. F ikija, spika zinalia, anashusha. Mwisho wa yote kusanyiko limesikia nguvu moja kuanzia kipimo cha 1 hadi cha 16, na kazi yenu imebaki kwenye karatasi. Kaeni naye kabla ya ibada, mwimbieni kipimo cha 9 kwa f kamili, aweke kiwango chake hapo, kisha mwombeni asikiguse hadi wimbo uishe. Mwonyesheni na ile p ya mwanzo, ili asije akadhani maikrofoni imekufa.